Asilimia 16 iliyo ghali kuliko 19: kisa cha mkopo wa mtaji wa dagaa, Mwaloni

Mama mmoja anayenunua dagaa visiwani na kuwauza Mwaloni, pale Kirumba, aliniletea barua mbili za ofa kutoka benki mbili za hapa Mwanza. Nafanya hesabu za wafanyabiashara kadhaa wa soko lile, na yeye ni mmojawapo. Alihitaji shilingi milioni 37: fedha ya kununulia dagaa wakavu Ukara na Ukerewe, nauli ya boti, magunia, vibarua, na kianzio cha lori linalopeleka mzigo mpakani. Fedha hiyo ingezunguka mwaka mzima, inunue, iuze, inunue tena, kisha mkopo ulipwe kwa mkupuo mmoja miezi 12 ikitimia.

Benki ya kwanza ilimpa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, bila ada yoyote ya maombi. Benki ya pili ilimpa asilimia 19, na juu yake ada ya asilimia 1 ya kuandaa mkopo. Alikuwa ameshaamua kabla hajafika kwangu.

"Kaka, kumi na sita na kumi na tisa, hapo kuna cha kufikiria kweli? Nataka unisomee tu, nikasaini."

Cha kufikiria kilikuwa ukurasa wa pili wa barua ya kwanza, kwenye vifungu viwili vifupi. Kimoja kilisema riba yote ya mwaka itakatwa siku mkopo unapotolewa. Kingine kilisema mkopaji atabakiza kwenye akaunti yake salio lisilopungua asilimia 10 ya mkopo, muda wote wa mkopo. Barua ya pili haikuwa na vifungu hivyo. Riba yake ingelipwa mwishoni pamoja na deni, na kilichokatwa mbele ni ile ada ya asilimia 1 peke yake.

Vifungu vile havina hila ndani yake. Benki nyingi duniani zimevitumia kwa miaka mingi. Kule Marekani sharti la salio lilikuwa la kawaida kiasi kwamba mwaka 1973 msimamizi wa masoko ya dhamana alizitaka kampuni zinazouza hisa kwa umma zilieleze kwenye hesabu zao, kwa sababu fedha inayoonekana benki huku haiguswi humpotosha anayesoma mizania. Benki nayo ina sababu zake. Salio linalokaa linaipa amana ya kukopesha wengine, na mkopaji akikwama benki ina pa kuanzia kujilipa. Anayepaswa kujua bei ya masharti hayo ni yule anayesaini.

Nilianza na jambo moja tu: nikamwambia aweke asilimia pembeni, tutazame fedha zinazoingia mkononi siku ya kwanza na zinazotoka mfukoni siku ya mwisho.

Tuseme anasaini mkopo wa milioni 37 kwa benki ya kwanza, kama alivyoomba. Siku fedha inaingia, riba ya mwaka mzima inakatwa, asilimia 16 ya milioni 37, yaani 5,920,000. Kisha 3,700,000 zinabaki kama salio la lazima. Anachoweza kutoa ni 27,380,000. Mtaji wake umepungua karibu milioni 10 kabla hajanunua hata gunia moja. Riba ya 5,920,000 kwa mtu aliyetumia 27,380,000 ni asilimia 21.6. Ile 16 ya barua ilipigwa kwenye fedha ambayo sehemu yake hakuwahi kuishika.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kama ambavyo wengi husema: "Basi niombe na ile milioni tisa na laki sita iliyopungua, niongeze juu."

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na nimeona waliosaini wakiwa wameteleza hivyo. Akiongeza 9,620,000 juu ya milioni 37, mkopo unakuwa 46,620,000. Lakini nyongeza nayo inakatwa riba, na nyongeza nayo inadai salio lake. Kinachobaki mkononi ni 34,498,800, bado pungufu ya milioni mbili na nusu. Atarudi benki kuomba tena, au atakopa kwa mtu pale sokoni kwa bei ya kuumiza.

Njia sahihi ni kugawanya. Katika kila shilingi 100 za mkopo wa benki ya kwanza, 16 zinakatwa na 10 zinabaki, kwa hiyo 74 tu zinafika mkononi. Milioni 37 gawanya kwa 0.74, unapata milioni 50 kamili. Huo ndio mkopo anaopaswa kusaini ili mahitaji yake yatimie. Niliandika nyuma ya bahasha yake jinsi taarifa ya akaunti itakavyosomeka siku hiyo: mkopo umeingia 50,000,000; riba imekatwa 8,000,000; salio lisiloguswa 5,000,000; kinachoweza kutolewa 37,000,000.

Alikaa na ile bahasha muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kilichomshtua hakikuwa riba. Kilikuwa ile milioni 50, maana hati ya nyumba yake ya Nyamanoro ingewekwa dhamana ya deni la milioni 50 wakati mkononi ana milioni 37. Nakubaliana naye kabisa kwamba hilo ni la kupima kwa uzito wake. Mkopo wa namna hii hupandisha gharama, na hupandisha pia ukubwa wa deni linalokuelemea kama biashara ikiharibika. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa bado wameanikwa mchangani, hasara inakuja kwenye mzigo wa milioni 37, ila deni la kwenye karatasi ni lile lile la 50.

Mwisho wa mwaka angelipa milioni 50, lakini ile milioni 5 iliyobaki kwenye akaunti inahesabika kwenye malipo, kwa hiyo angetafuta milioni 45. Aliingiza mkononi 37, anatoa 45. Gharama ni milioni 8 kwa matumizi ya milioni 37 kwa mwaka, asilimia 21.6. Ukitaka kanuni yake kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kwa mkupuo, ni hii:

gharama kamili = riba ÷ (1 − riba − salio) = 0.16 ÷ (1 − 0.16 − 0.10) = 0.2162

Benki ya pili tuliipima kwa kipimo kile kile. Kwa kuwa asilimia 1 inakatwa mbele, milioni 37 gawanya kwa 0.99, mkopo unakuwa kama 37,374,000. Riba ya asilimia 19 ni kama 7,101,000. Mwisho wa mwaka analipa 44,475,000. Kutoka 37 mkononi hadi 44,475,000, gharama ni 7,475,000, sawa na asilimia 20.2. Benki yenye tangazo la 19 ilikuwa nafuu kwa 525,000 kuliko yenye tangazo la 16, na deni lake kwenye karatasi lilikuwa dogo kwa zaidi ya milioni 12.

Ningeweza kuishia hapo, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeibua swali zuri kuliko yote ya siku ile.

"Mimi akaunti yangu haikauki. Mle ndani huwa kuna milioni mbili, tatu, hata nne. Hiyo milioni tano wanayotaka ibaki, si nyingine tayari ninayo?"

Alikuwa sahihi kimsingi. Salio la lazima lina gharama pale tu linapokulazimisha uache fedha ambayo usingeiacha. Mtu ambaye kwa desturi ya biashara yake anabakiza milioni 5 benki mwaka mzima haumizwi na kifungu hicho hata kidogo. Kwake benki ya kwanza ingekuwa na tatizo la riba ya kukatwa mbele pekee, na gharama ingekuwa 16 gawanya kwa 84, asilimia 19.05. Basi tukafungua taarifa ya akaunti yake ya miezi 12 tuone ukweli.

Anayefahamu dagaa wa Ziwa Victoria anajua kwamba biashara hii inafuata mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika kambini. Kwenye taarifa ya mama huyu ulimwengu huo wote ulionekana kwa tarakimu. Siku za giza fedha zilikuwa zinatoka mfululizo kwenda kwa mawakala wake wa visiwani, na salio lilishuka hadi laki saba, laki tano, mara moja hadi laki nne. Siku za mbalamwezi alikuwa anauza mzigo aliokwisha kuukusanya, fedha zinarudi, na salio linapanda hadi milioni tano na zaidi. Nilipopiga wastani wa mwaka, ulikuwa karibu milioni 3. Kumbukumbu yake haikuwa imemdanganya.

Sasa kila kitu kikategemea maneno ya kile kifungu. Barua ilisema salio "lisilopungua". Maana yake ni kwamba hata siku moja halipaswi kushuka chini ya kiwango. Kwa masharti hayo, fedha yake inayomsaidia si wastani wa milioni 3. Ni kile kiwango cha chini kabisa, laki nne, kwa sababu siku ya giza anazihitaji zote kununulia. Nilirudia hesabu: 36,600,000 gawanya kwa 0.74, mkopo ni kama 49,459,000, riba ni kama 7,914,000, gharama ni asilimia 21.4. Nafuu iliyopatikana ni ndogo mno.

Lakini kama kifungu kingesema wastani wa salio kwa mwezi, hadithi ingebadilika. Siku za mbalamwezi zingefidia siku za giza, na ile milioni 3 yote ingehesabika upande wake. Angehitaji kupata milioni 34 tu kutoka kwenye mkopo, mkopo ungekuwa kama 45,946,000, riba 7,351,000, na gharama ingeshuka hadi asilimia 19.9. Hiyo ni chini ya benki ya pili yenye 20.2. Kwa mfanyabiashara huyu, uamuzi wa benki ipi ulikuwa umening'inia kwenye maneno hayo mawili, kiwango cha chini au wastani, na si kwenye ile 16 na 19.

Tulimpigia afisa mikopo wa benki ya kwanza. Aliongea vizuri, kwa heshima. "Mama, shikamoo. Riba yetu ni ya chini, hilo sina shaka nalo." Alipoulizwa kuhusu wastani, alisema mfumo wao haufanyi hivyo: fedha huhamishwa siku ile ile kwenye akaunti ya pembeni na kuzuiwa hadi mkopo uishe. Jibu hilo lilimaliza mjadala wa wastani na hata ule wa laki nne, maana fedha ya akaunti ya pembeni haichanganyiki na ya mzunguko. Tulirudi kwenye milioni 50 kamili. Ila aliongeza jambo ambalo halikuwa kwenye barua: akaunti ile ya pembeni ina faida ya asilimia 4 kwa mwaka. Milioni 5 kwa asilimia 4 ni 200,000, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10 zinabaki 180,000. Gharama inashuka kutoka milioni 8 hadi 7,820,000, asilimia 21.1. Imesogea, haijafika. Nilimwomba afisa yule aliandike hilo kwenye ofa hata hivyo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aweke wazi masharti na gharama kabla ya mkataba, na faida iliyotajwa kwa simu haina pa kushikiwa mkopo ukishatoka.

Njia nyingine tuliyoipima ilikuwa kufupisha muda. Benki ya kwanza ilikubali mkopo wa miezi sita unaoweza kufunguliwa upya kwa miezi sita mingine. Kinachokatwa mbele hapo ni nusu ya riba, asilimia 8, na salio linabaki asilimia 10, kwa hiyo 82 katika kila 100 zinafika mkononi. Mkopo unakuwa kama 45,122,000 na riba ya nusu mwaka kama 3,610,000. Hiyo ni asilimia 9.76 kwa miezi sita, na ukiirudia mara mbili kwa kulimbikiza, asilimia 20.5 kwa mwaka. Watu hushangaa kwamba riba ile ile ya 16 imekuwa nafuu kwa kugawanywa. Sababu yake ni kwamba riba ya kukatwa mbele inauma kadiri inavyokatwa mapema kuliko siku unayoistahili. Ukikatwa ya miezi 12 leo, umelipia Desemba ukiwa bado Januari. Ukikatwa ya miezi sita, nusu ya pili inabaki kwenye biashara yako hadi katikati ya mwaka.

Kwa mtu anayehitaji fedha ya msimu mmoja, hilo ndilo la kushika zaidi. Akichukua wa miezi 12 kisha akalipa mwezi wa sita, riba iliyokwisha kukatwa hairudi isipokuwa barua imesema itarudi. Barua ya mama huyu haikusema. Angekuwa amelipa milioni 8 kwa kazi ya 3,610,000.

Yeye alihitaji mwaka mzima, na 20.5 ya kufungua mkopo mara mbili ilikuwa bado juu kidogo ya 20.2, tena na hatari kwamba mwezi wa sita benki inaweza kukataa kufungua upya. Alichukua benki ya pili. Tulifanya ombi moja tu kabla ya kusaini: tarehe ya malipo ilikuwa imeangukia katikati ya siku za giza, wakati akaunti yake huwa na laki chache. Kulipa 44,475,000 kwa mkupuo siku hiyo kungemlazimu auze mzigo kwa bei ya kutupa. Benki ilisogeza tarehe kwa siku 10, kwa riba ya hizo siku 10, kama laki moja na tisini na tano. Nilimshauri akubali, na akakubali.

Hesabu zote hizi zinashika kwa mkopo unaolipwa kwa mkupuo mwishoni. Ukiletewa mkopo wa marejesho ya kila mwezi wenye vifungu vile vile, usiitumie ile kanuni ya kugawanya kwa 0.74, itakuonyesha gharama ndogo kuliko ilivyo. Chukua mkopo ule ule wa milioni 50: riba ya milioni 8 imekatwa, milioni 5 zimezuiwa, mkononi una 37, lakini unarejesha 4,166,667 kila mwezi, na milioni 5 inarudi mwezi wa 12. Kufikia mwezi wa sita nusu ya deni umesharudisha, huku riba uliyolipa ni ya mtu aliyekaa nalo lote mwaka mzima. Kwenye jedwali la kompyuta au la simu andika hivi:

```
=RATE(12,-4166667,37000000,5000000)*12
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho lenye alama ya kutoa kwa kuwa linatoka kwako, ya tatu ni fedha iliyofika mkononi, ya nne ni salio utakalorudishiwa. Jibu ni karibu asilimia 42 kwa mwaka, na barua itakuwa bado imeandikwa 16. Weka namba za ofa yako mahali pa hizo, na kwenye nafasi ya tatu usiandike kiasi cha mkopo. Andika kile utakachoweza kutoa siku ile ile.